Kurasa za 8 hadi 10 si Shiti za 8 hadi 10

Leo nazungumza na makarani, na wale vijana wa saiba ambao kila mwisho wa robo huletewa flashi na kuambiwa, "Nitolee PDF haraka, gari linaondoka."

Nianze na kosa lenyewe, halafu tulifuate lilikotoka. Tuchukue kitabu cha Excel cha soko la mifugo. Ni mfano niliojitungia, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye dawati la ushuru atautambua. Kitabu kina shiti 13. Ya kwanza inaitwa Muhtasari. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, shiti ya pili ni Julai, ya tatu ni Agosti, na kuendelea hivyo mpaka ya 13 ambayo ni Juni. Kila mwezi una shiti yake, na kila mauzo yana mstari wake: tarehe, namba ya risiti, jina la muuzaji, kitambulisho, simu, aina ya mnyama, idadi, bei, ada, anakopelekwa, na namba ya kibali cha kumsafirisha. Hizo ni kolamu 11, kuanzia A hadi K.

Sasa mkubwa anapiga simu. Anataka robo ya tatu ya mwaka wa fedha wa 2024/25, yaani Januari, Februari na Machi 2025, pamoja na muhtasari mbele. Anataka PDF, si Excel, maana ataifungulia kwenye simu akiwa njiani.

Karani anahesabu kwa kidole majina ya shiti yaliyopangwa chini ya skrini. Muhtasari ni 1, Julai ni 2, na kuendelea mpaka Januari ni 8, Februari 9, Machi 10. Safi. Anafungua File, anachagua Export, kisha Create PDF/XPS. Kabla ya kubonyeza Publish anafungua Options, anaweka alama kwenye Entire workbook, na kwenye sehemu ya Page range anaandika kutoka 8 hadi 10. PDF inatoka ikiwa na kurasa 3, safi kabisa, vichwa vya kolamu viko mahali pake na jumla iko chini. Inatumwa. Baada ya nusu saa simu inalia.

"Kijana, mbona umeniletea Septemba?"

"Adeer, mimi nimetoa 8 hadi 10, Januari mpaka Machi."

"Soma juu hapo. Imeandikwa nini?"

Imeandikwa Septemba 2024. Programu haikukosea hata kidogo. Ilichouliza ni kurasa, na karani alijibu kwa shiti.

Hebu tuhesabu kurasa jinsi kompyuta inavyozihesabu. Tuseme kila mwezi unajaza kurasa 3 za A4 zilizolazwa. Muhtasari ni ukurasa wa 1. Julai inachukua wa 2 hadi wa 4, Agosti wa 5 hadi wa 7, na Septemba wa 8 hadi wa 10. Hapo ndipo mtego ulipo: kwa mpangilio huu, namba 8 hadi 10 zinaangukia mwezi mzima, haukukatwa mwanzo wala mwisho, na kwa hiyo hakuna kitu kinachomshtua anayetazama haraka. Januari yenyewe iko mbali. Ukiendelea kuhesabu, Oktoba ni 11 hadi 13, Novemba 14 hadi 16, Desemba 17 hadi 19, Januari 20 hadi 22, Februari 23 hadi 25, na Machi inaanzia 26.

Kwa hiyo angeandika 20 hadi 28? Angekaribia, lakini angekosa Muhtasari, kwa sababu kile kisanduku cha Excel kinapokea namba ya mwanzo na namba ya mwisho tu. Huwezi kukiambia kikupe ukurasa wa 1 kisha kiruke mpaka wa 20. LibreOffice, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu haina malipo ya leseni, inakubali. Humo unafungua File, Export As, Export as PDF, na penye Pages unaandika hivi:

```
1;20-28
```

Alama ile ya nukta na mkato inatenganisha vipande, na kistari kinaunganisha mfululizo. Ni nzuri, lakini mimi binafsi siipendi kwa kazi hii, na sababu yake ni kwamba namba za kurasa hazikai mahali pamoja. Siku karani atakapoongeza mistari 10 kwenye Agosti, Agosti ikaingia ukurasa wa nne, kila kilicho baada yake kinasogea kwa ukurasa mmoja. Hesabu uliyoiandika kwenye karatasi mwezi uliopita inakuwa ya mwaka mwingine.

Njia iliyo imara ni kuchagua shiti zenyewe. Bofya jina la Muhtasari pale chini. Shikilia kitufe cha Ctrl, usikiachie, kisha bofya Januari, Februari, Machi. Majina yote manne yatabadilika rangi, na juu kabisa ya dirisha, karibu na jina la faili, Excel itaandika Group. Sasa rudi kwenye Options na uchague Active sheet(s), halafu Page range iache kwenye All. Usiandike namba yoyote.

Kwa nini usiandike namba? Kwa sababu ukishachagua shiti 4, hesabu ya kurasa inaanza upya ndani ya hizo 4. Muhtasari ni 1, Januari ni 2 hadi 4, Februari 5 hadi 7, Machi inaanzia 8. Yule aliyejifunza jana kwamba Januari iko ukurasa wa 20, akiandika 20 leo, anaomba ukurasa ambao haupo. Page range hufanya kazi juu ya kile ulichochagua, si juu ya kitabu kizima. Kwanza shiti, halafu kurasa. Na ukishachagua shiti sawasawa, mara nyingi hutazihitaji namba za kurasa kabisa. Zinabaki kuwa za kazi ndogo ndogo, kwa mfano ofisi imeomba ukurasa wa mwisho wa Machi pekee kwa sababu ule waliokuwa nao ulilowa chai.

Kwenye LibreOffice ni vilevile: Ctrl na kubofya majina, kisha kwenye dirisha la PDF unachagua Selection/Selected sheet(s). Angalizo moja tu. Kabla ya kufungua dirisha hilo, hakikisha hujapaka seli nyingi ndani ya shiti kwa bahati mbaya. Neno Selection linahusu seli na shiti kwa pamoja, na ukiwa umeburuta kipanya juu ya mistari 5, unaweza kupata PDF ya mistari 5. Bofya seli moja kwanza, halafu endelea.

Nilisema tuseme kila mwezi ni kurasa 3. Hiyo "tuseme" ndiyo inayowapoteza wengi, kwa hiyo tuiangalie vizuri.

Kolamu 11 haziingii kwenye A4 iliyosimama, labda uandike herufi za kusomwa kwa miwani mbili. Ukiacha karatasi imesimama, Excel hufanya hivi: inachapisha kolamu za kushoto mpaka chini, kisha inarudi juu na kuchapisha zilizobaki kulia. Julai yenye mistari 110 inakuwa kurasa 3 za upande wa kushoto na nyingine 3 za upande wa kulia, jumla 6. Jina la muuzaji liko ukurasa wa kwanza, na ada aliyolipa iko ukurasa wa nne. Msomaji atashikaje mambo hayo kwenye simu? Na ile hesabu yetu inavurugika tena: Julai inakuwa 2 hadi 7, Agosti inaanza 8. Mtu aliyeandika 8 hadi 10 safari hii anapata nusu ya kushoto ya Agosti.

Dalili yake ni rahisi kuiona. PDF ikiwa na kurasa maradufu ya ulizotarajia, na kuna kurasa zenye bei na ada bila jina la mtu, jua upana umezidi karatasi. Dawa iko kwenye Page Layout. Laza karatasi kwa kuchagua Orientation, Landscape. Hakikisha Size ni A4, kwa sababu violezo vingi vya kupakuliwa mtandaoni vimekuja na Letter ya Marekani, ambayo ikilazwa ina upana mdogo kidogo kuliko A4 na inaweza kukusukumia kolamu moja ukurasa mwingine. Halafu penye Scale to Fit weka Width iwe 1 page na Height uiache Automatic. Hiyo Height ndiyo watu hukosea. Ukiweka nayo 1, Excel itabana mistari yote 110 iingie ukurasa mmoja, na itaibana kweli, mpaka namba ya risiti isisomeke. Upana ndio unaofungwa. Urefu unaachwa ujiendee.

Katika LibreOffice mpangilio huo uko kwenye Format, Page Style, sehemu ya Sheet, ambapo Scaling mode unaigeuza iwe Fit print range(s) to width/height, kisha upana 1 na urefu unaufuta ubaki mtupu.

Bado hujatoa PDF. Fungua View, halafu Page Break Preview. Hapo shiti inageuka, unaona kila ukurasa umezungushiwa mistari ya buluu na maandishi hafifu katikati: Page 1, Page 2, Page 3. Mstari wa vipande vipande ni mkato ambao programu imejiamulia. Mstari uliojaa ni ule ambao mtu aliuweka kwa mkono wake. Mimi nikiletewa faili la mtu mwingine, hapa ndipo ninapoanzia, kabla hata ya kusoma tarakimu, kwa sababu hapa ndipo faili linapokiri lilivyo. Utaona mkato ambao mtu aliuweka mwaka juzi kwa ajili ya printa nyingine. Utaona pia kurasa tupu za ajabu kule chini, zilizozaliwa na mipaka ya seli iliyochorwa mpaka mstari wa 1000. Ukitaka kujua shiti inafikia wapi kwa mawazo ya Excel, bonyeza Ctrl na End pamoja. Ikikupeleka mstari wa 1000 wakati daftari linaishia wa 112, umempata mchawi.

Tiba ya kurasa hizo ni kuweka eneo la kuchapishwa. Unapaka kuanzia A1 mpaka K112, kisha Page Layout, Print Area, Set Print Area. Kuanzia hapo PDF itatoa eneo hilo tu. Faida yake nyingine ni kubwa zaidi, hasa kwa daftari la soko. Karani yeyote mzoefu ana maandishi yake ya pembeni, kule kolamu ya M au N: fulani bado anadaiwa ada ya mbuzi 6, risiti fulani imeandikwa mara mbili, dalali fulani aulizwe. Hayo si ya kwenda kwa mkubwa, na eneo la kuchapishwa linayazuia. Lakini pale kwenye Options kuna kisanduku kinachoitwa Ignore print areas. Ukikiwekea alama, mambo yote ya pembeni yanatoka hadharani. Kiache kitupu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote niliyosema, maana kosa la Septemba angalau linaonekana na mtu akapiga simu. Hili halionekani.

Eneo la kuchapishwa halikui kwa kuongeza mistari chini yake. Ukilifunga kwenye K112, limefungwa K112. Na ukitengeneza shiti ya mwezi mpya kwa kunakili ya mwezi uliopita, kama karibu kila mtu anavyofanya, eneo linanakiliwa pamoja nayo. Katika mfano wetu, Januari inaishia mstari wa 112 na Februari inaishia mstari wa 109, zote sawa. Lakini Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na Idd ikaja mwishoni mwa mwezi huo huo. Biashara ya mifugo ikachangamka kuelekea Idd, na shiti ya Machi ikafika mstari wa 141. Eneo lake lililorithiwa bado ni K112.

PDF inatoka. Ina kurasa 10: Muhtasari 1, Januari 3, Februari 3, Machi 3. Karani aliyejifunza kuhesabu anafurahi, hesabu imelingana. Kumbe mistari 29 ya mwisho wa Machi, kuanzia 113 hadi 141, imebaki kwenye Excel. Machi ilipaswa kuwa kurasa 4 na PDF nzima 11. Mbuzi waliouzwa wiki ya Idd hawamo. Na wasomaji hawataona pengo lolote, kwa sababu PDF haiweki alama mahali ilipokata.

Utajuaje? Usihesabu kurasa tu. Nenda kwenye ukurasa wa mwisho wa kila mwezi utafute mstari wa jumla. Jumla huwa mstari wa chini kabisa, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwezi ambao haumaliziki kwa jumla umekatwa. Kisha chukua jumla hiyo uilinganishe na ile iliyo kwenye Muhtasari. Muhtasari unajumlisha kutoka kwenye shiti, haujali eneo la kuchapishwa, kwa hiyo utakuwa na idadi kamili ilhali orodha imepungua. Mkaguzi akizipata hizo mbili hazilingani, maswali atakayokuuliza hayatakuwa ya kompyuta.

Kurekebisha ni kupaka upya A1 mpaka K141 na kuchagua Set Print Area tena. Eneo jipya linachukua nafasi ya la zamani. Fanya hivyo shiti moja moja, kabla ya kuzishika zote kwa Ctrl. Shiti zikiwa katika kundi, Excel haikuruhusu kuweka eneo la kuchapishwa, wala ile mistari ya vichwa inayojirudia juu ya kila ukurasa, ambayo unaiweka kwenye Print Titles. Ukiona maandishi hayo yamefifia hayabonyezeki, si virusi, ni kwamba uko ndani ya Group. Na kwa kuwa Machi sasa ina kurasa 4, hiyo Print Titles usiiache: bila vichwa, ukurasa wa nne una tarakimu mbili jirani na hakuna anayejua ipi ni bei ipi ni ada.

Turudi kidogo kwenye zile kolamu za D na E, kitambulisho na simu. Mkubwa wa ushuru huenda anazihitaji. Lakini PDF hiyo hiyo ikipelekwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, au ikabandikwa ukutani, umetangaza namba za watu mia kadhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na daftari la soko haliko nje yake. Kwa hiyo ni vizuri utoe PDF mbili kutoka kitabu kimoja, moja kamili na moja isiyo na kolamu hizo.

Hapo wengi hukimbilia Selection. Wanapaka A hadi C, wanashika Ctrl, wanapaka F hadi K, kisha wanachagua Selection. Excel inakubali, lakini kila kipande inakiweka kwenye ukurasa wake: majina huku, ng'ombe kule. Selection inafaa kwa kipande kimoja kilichoshikana, kama vile mistari ya ngamia peke yake. Ukitaka kuruka kolamu za katikati, zifiche: paka D na E, bonyeza kulia, Hide. Kilichofichwa hakichapishwi, na hakiingii kwenye PDF. Ukimaliza, Unhide.

Usifanye ile ya kuzipaka rangi nyeusi. Nimeiona mara nyingi mno. Mtu anaona mstari mweusi kwenye skrini anadhani amefuta. Rangi ile ni nguo tu, maandishi yako chini yake na yanasafiri ndani ya PDF. Anayeipokea anaweza kupaka sehemu ile kwa kipanya, akanakili, akabandika kwingine, na namba zote zikajitokeza. Jaribio lake ni hili: fungua PDF uliyoitoa, bonyeza Ctrl na F, uandike namba ya simu unayojua imo kwenye daftari. Andika tarakimu za mwisho tu, kwa sababu wengine waliingiza 07, wengine +254, na wengine sifuri ya mwanzo ilishamezwa na Excel. Ikipatikana, usitume.

Kwa wanaotumia Google Sheets, hasa vijana wa mashirika, dirisha lenu ni tofauti. Ukichagua File, Download, PDF, utaulizwa kama unataka shiti ya sasa, kitabu kizima, au seli ulizochagua. Kama shiti usizotaka ni nyingi, zifiche kwanza kisha uchague kitabu kizima. Usizifute, hata kwenye nakala. Muhtasari unategemea miezi yote, na ukiufutia Julai chini ya miguu, jumla ya mwaka inageuka kuwa `#REF!`, nayo inachapishwa vilevile ilivyo.

Kitu cha mwisho kinafanyika baada ya PDF kutoka, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu kazi imeisha, gari linapiga honi na mtu anafunga kompyuta. Zile shiti 4 bado ziko katika Group. Kesho asubuhi karani anafungua faili, anaona Machi mbele yake, anaandika ada ya ng'ombe mmoja aliyesahauliwa kwenye seli I57. Excel inaiandika I57 ya Machi, ya Februari, ya Januari na ya Muhtasari, zote kwa mpigo mmoja, kimyakimya. Kilichokuwa humo kimefutika. Kwa hiyo ukimaliza kutoa PDF, bonyeza kulia juu ya jina la shiti yoyote na uchague Ungroup Sheets, kisha uhifadhi. Lile neno Group likiondoka pale juu, uko salama.

Na kama tayari imetokea, bonyeza Ctrl na Z papo hapo kabla ya kufanya jambo lingine. Ikiwa umeshafunga faili, fungua ile PDF ya robo ya tatu uliyoituma jana. Iliganda kabla ya uharibifu, na kwenye mstari wa 57 wa Januari ada ya zamani bado iko, unaweza kuisoma na kuirudisha kwa mkono.